Somo: Algoriti ya pupa, na jinsi ya kuthibitisha kwamba chaguo lako ni sahihi

Una ukumbi mmoja na maombi mengi ya kuutumia, kila ombi na saa yake ya kuanza na ya kumaliza. Chagua shughuli nyingi kadiri iwezekanavyo zisizogongana. Algoriti ya pupa huchukua kila mara kinachoonekana bora sasa hivi, bila kurudi nyuma.

Hatua ya 1: jaribu kuivunja kanuni yako kabla ya kuipenda. Wengi huanza na "chukua fupi kwanza". Chukua shughuli tatu: 1–5, 4–7 na 6–10. Iliyo fupi ni 4–7, na ukiichagua inazifungia njia nyingine zote mbili. Umepata moja badala ya mbili, kwa hiyo kanuni hiyo itupe.

Hatua ya 2: chukua inayomaliza mapema zaidi. Hapa ni 1–5, kisha 6–10. Lakini kupita mfano mmoja si uthibitisho.

Hatua ya 3: badilisha. Iite inayomaliza mapema kuliko zote G. Mtu akuletee jibu bora kabisa lisilo na G, ambamo ya kwanza kumaliza ni B. Itoe B, uweke G mahali pake. Nyingine zote katika jibu hilo zinaanza baada ya B kumaliza, na G inamaliza pamoja na B au kabla yake, hivyo hakuna mgongano mpya. Idadi imebaki ileile. Basi lipo jibu bora lenye G; futa zinazogongana nayo, urudie hoja hiyohiyo kwa zilizosalia.

Swali: Mwalimu, kila shughuli ikiwa na malipo yake je?

Hoja inakatika palepale pa kubadilisha: idadi inabaki, malipo hayabaki. Ipe 4–7 malipo ya 10, nyingine 2 kila moja. Pupa inaondoka na 4, kumbe 10 ilikuwepo. Hapo unahitaji jedwali la majibu ya sehemu ndogo.

Swali: Mchezo wa kuruka nao, ambamo kila namba ni idadi kubwa zaidi ya hatua unazoweza kuruka kutoka hapo, na lengo ni kufika nafasi ya mwisho? Mimi naruka mbali kadiri namba inavyoruhusu, na bado nakosa.

Ndugu, hiyo ni pupa ya mahali pasipofaa. Kwenye `[2, 3, 0, 0, 4]` ukihesabu nafasi kuanzia 0, unatua nafasi ya 2, penye sifuri, ukakwama. Usichague pa kutua. Tunza tu mpaka wa mbali unaofikika:

```python
def inafika(a):
    mbali = 0
    for i, x in enumerate(a):
        if i > mbali:
            return False
        mbali = max(mbali, i + x)
    return True
```

Hapa `mbali` inakuwa 2, kisha nafasi ya 1 inaipandisha hadi 4. Hoja yake si ya kubadilisha. Unaonyesha kwamba kila nafasi kuanzia 0 hadi `mbali` inafikika, kwa kuwa anayeweza kuruka hatua tatu anaweza pia kuruka mbili au moja.

Swali: Na kwenye ukumbi, shughuli mbili zikimaliza kwa wakati mmoja?

Chukua yoyote. Hoja ilisema "pamoja na B au kabla yake".