Rambirambi kwa mwenzako wa kazini: namna ya kuifanya isikike kama yako

Tuchukue mfano mmoja. Bi Zuhura, muuguzi mwenzako katika zahanati ya Lamu, amefiwa na mamake. Kikundi cha wotsapu cha kazini kimeshajaa ujumbe unaofanana, na wewe umeandika huu:

"Kwa masikitiko makubwa nimepokea taarifa za kifo cha mzazi wako. Kwa niaba yangu na familia yangu natoa pole za dhati. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Ukihitaji chochote usisite kuniambia."

Hauna kosa la lugha. Tatizo ni kwamba unaweza kutumwa kwa mtu yeyote, kwa msiba wowote, na mfiwa analiona hilo mara moja. Tuurekebishe.

Hatua ya 1: Hakikisha aliyefariki ni nani. Kwetu mama mdogo na mama mkubwa wote huitwa mama, na aliyemlea Zuhura huenda si aliyemzaa. Muulize mtu wa karibu, usimuulize yeye. Uliza pia kama maziko yameshafanyika. Waislamu huzika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa hiyo ujumbe wa kesho yake usizungumzie maziko kana kwamba bado yanangojwa.

Hatua ya 2: Ondoa lugha ya barua ya ofisi. "Nimepokea taarifa" ni maneno ya karani. "Kwa niaba yangu" haina maana, kwani hujitumi mwenyewe. "Mzazi wako" inamficha mama aliyekufa, mtaje. Na neno "dhati" ukilazimika kulitamka, basi sentensi yenyewe imeshindwa kulionyesha. Anza tu: "Zuhura dadangu, pole sana kwa kuondokewa na mama."

Hatua ya 3: Weka jambo moja unalolijua. Hapa ndipo ujumbe mzima unaposimama, na ndipo wengi huharibu kwa kutia chumvi. Kama hukuwahi kumwona marehemu, usiandike kwamba alikuwa mama wa watu wote. Andika ulichokishuhudia: kwamba kila saa ya mapumziko Zuhura alimpigia simu kumkumbusha dawa zake. Sentensi moja yatosha. Usiulize aliugua nini, wala usieleze msiba wako wa zamani. Siku hiyo si yako.

Hatua ya 4: Dua iendane na imani ya mfiwa. Kwa Zuhura, aliye Mwislamu, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun" kisha "Mola amrehemu, amghufirie" yanatosha. Kwa mwenzako Mkristo wa Mpeketoni, mwombee faraja ya Mungu kwa maneno aliyoyazoea. Kama hujui imani yake, "Mungu awape nguvu na subira" haimkosei mtu.

Hatua ya 5: Badilisha "ukihitaji chochote" iwe kitu kilichokwisha kufanyika. Ahadi ya jumla humwachia mfiwa kazi ya kufikiria na kuomba, na wengi hawaombi. Kubaliana kwanza na msimamizi, ndipo umwambie.

Sasa ujumbe unasomeka hivi:

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Zuhura dadangu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Nilikuwa nakusikia kila mapumziko ukimpigia kumkumbusha dawa, nikajua ana mwana wa kumtunza. Mola amrehemu, amghufirie. Zamu zako za Jumatatu na Jumanne nimezichukua, msimamizi anajua, na daftari la chanjo liko kwangu. Nitafika nyumbani baada ya alasiri. Usijisumbue kunijibu."

Usome kwa sauti. Ukikuta sentensi ambayo usingeweza kumwambia uso kwa uso mkikaa mkekani, ifute. Utume kwake binafsi. Kikundini andika dua fupi tu. Na ujumbe hauchukui nafasi ya kwenda msibani, hata ukiwa mzuri namna gani.

Angalizo moja kuhusu mjane: mwenzako Mwislamu aliyefiwa na mumewe yumo edani, muda wa mjane kutulia nyumbani, kwa kawaida miezi 4 na siku 10. "Tunakusubiri urudi kazini karibuni" itamwelemea hata kama umeandika kwa mapenzi. Mambo ya likizo yaachie msimamizi.

Pongezi hufuata njia hiyo hiyo, kwa wepesi zaidi. "Hongera kwa kupandishwa cheo, Mungu akuinue zaidi" haisemi kwa nini amestahili. Taja kazi yenyewe: "Hongera sana Bwana Athmani. Tangu uanze kupanga safari za boti za chanjo kwa kufuata maji kujaa na kupwa, hatukwami tena mchangani. Masha Allah, cheo kimempata mwenyewe." Usiunganishe ombi lolote na pongezi, hata la mzaha la kualikwa chakula. Ukiwa na shida naye, mwandikie siku nyingine.