Kabla hujaiondoa folda nzito kwenye ratiba ya Outlook

Kwanza hakikisha unatumia Outlook ile ya zamani ya kompyuta, maana mpya haina vikundi vya kutuma na kupokea, yaani mipangilio inayoamua folda zipi zisasishwe na kila baada ya muda gani. Kisha uangalie aina ya akaunti. Kama ni Exchange na "Use Cached Exchange Mode" imewashwa, folda zake husawazishwa kwa njia nyingine na vikundi hivi havitakusaidia sana. Anayefaidika zaidi ni mwenye akaunti ya IMAP.

Chukua folda iitwayo Skani yenye barua 18,000, nyingi zikiwa na viambatisho vikubwa. Kikundi cha "All Accounts" kimepangwa kila dakika 5 na kinashusha kila kitu. Duru ya kwanza haijamaliza, ya pili inabisha hodi. Fungua "Show Progress" kwenye kichupo cha "Send/Receive" uangalie mara mbili tatu: ikiwa kazi inakwama kwenye Skani kila mara, umeshampata mchawi.

Usikimbilie kuondoa tiki. Jiulize barua za Skani huingiaje humo. Kama kuna kanuni kwenye seva inayozisukuma huko bila kupitia Inbox, ukiitoa folda kwenye ratiba hutajua kuwa ankara ya haraka imefika mpaka uifungue mwenyewe. Hapo rekebisha kanuni kwanza.

Sasa bonyeza Ctrl+Alt+S kufungua orodha ya vikundi. Piga picha ya mipangilio ya sasa. Ni sekunde tano tu, na itakuokoa ukitaka kurudi nyuma. Chagua "All Accounts", bonyeza "Edit", kisha akaunti yako upande wa kushoto. Weka alama kwenye "Use the custom behavior defined below", halafu uondoe tiki ya Skani peke yake. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuondoa tiki ya "Include the selected account in this group". Hapo ameitoa akaunti nzima, pamoja na utumaji wake, na siku barua ikilala Outbox hakuna ratiba ya kuisukuma.

Kama bado unataka Skani isasishwe yenyewe, ila kwa nadra, bonyeza "New" uunde kikundi cha pili. Kiite Nzito, weka ndani yake akaunti hiyo na folda hiyo moja, na upange kila dakika 240. Ondoa pia tiki ya "Include this group in send/receive (F9)" chini ya kikundi hicho. Ukiisahau, kila ukibonyeza F9 mzigo wote unarudi. Ratiba hufanya kazi Outlook ikiwa wazi tu, kwa hiyo anayeifunga baada ya saa mbili asitegemee duru hiyo.

Siku ukiihitaji Skani papo hapo, iingie na ubonyeze Shift+F9. Itasasishwa folda hiyo tu.