Umeacha CV hotelini, sasa ufuatilie vipi? Mfano wa hoteli za pwani ya Zanzibar

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwenda mwenyewe, akaacha karatasi zake getini au mapokezi, akaambiwa "sawa, tutakupigia". Tumechukua hoteli ya ufukweni Unguja, tuseme Paje au Nungwi, mwezi wa Mei. Msimu huo ndio wenye maana: masika hoteli nyingi za huko hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa, na kuanzia Juni wageni hurudi. Nafasi nyingi hujazwa katika wiki hizo chache za kati. Viwanda na maduka tumeyawekea maelezo yao mbele.

Hatua ya 1: Kabla hujaondoka getini

Ufuatiliaji huanza unapokabidhi karatasi. Muulize aliyezipokea mambo matatu: jina lake, nani atapelekewa, na ofisi hiyo inapatikana kwa namba gani. Mlinzi huenda asitoe namba ya bosi wake, na ana haki. Mwombe basi namba ya mapokezi, kwa kawaida ipo hata kwenye kibao cha nje. Ukitoka tu, andika kwenye daftari tarehe, jina la aliyepokea na nafasi uliyoomba. Ukiacha CV sehemu sita kwa wiki bila kuandika, siku ukipigiwa hutajua ni hoteli gani inayozungumza, na anayepiga atalisikia hilo kwenye sauti yako.

Hakikisha pia nakala za vyeti zimebanwa kwa stepla pamoja na CV. Zikitenganishwa ofisini, hakuna atakayekaa kuziunganisha.

Hatua ya 2: Meseji moja, baada ya siku mbili au tatu za kazi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanaandika "Habari, naulizia kuhusu kazi". Afisa rasilimali watu ana rundo la karatasi mezani. Meseji ya namna hiyo haimsaidii kuipata yako, na jibu rahisi kwake ni kunyamaza. Kazi ya meseji yako ni kumwelekeza kwenye karatasi: wewe ni nani, uliileta lini, uliiacha wapi, unaomba nafasi gani. Ongeza jambo moja linalomrahisishia uamuzi, hasa tarehe unayoweza kuanza, kisha umalizie na swali linalojibika kwa neno moja.

Tuseme mwombaji anaitwa Asha Juma na anaomba usafi wa vyumba:

> Habari za asubuhi. Naitwa Asha Juma. Jumatatu 12 Mei niliacha CV mapokezi, nafasi ya usafi wa vyumba. Naweza kuanza 1 Juni. Je, imefika ofisini kwenu?

Hizo ni herufi 150, pamoja na nafasi na alama, kwa hiyo inaingia kwenye meseji moja ya kawaida ya herufi 160. Ukiweka emoji hata moja, kikomo hushuka hadi herufi 70 na meseji hukatwa vipande. Swali la mwisho limechaguliwa kwa makusudi. "Je, nimepata kazi?" humlazimisha akatae au akwepe, lakini "imefika?" humfanya anyooshe mkono kwenye rundo.

Kama unaomba jikoni na cheti cha kupimwa afya unacho, badala ya tarehe ya kuanza andika "Cheti cha afya ninacho". Mwombaji mwenye cheti tayari ana hatua moja pungufu ya kusubiriwa.

WhatsApp inafaa pale tu ulipopewa namba hiyo kwa ajili ya maombi. Usitume ujumbe wa sauti, maana ofisini hausikilizwi mbele za watu. Usibip, wala usitume ule ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie".

Hatua ya 3: Simu, zikipita siku tano za kazi bila jibu

Saa ya kupiga ina uzito kuliko maneno. Asubuhi mapema wakuu wa idara wapo kwenye kikao cha siku. Kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana wageni wanatoka na wengine wanaingia, na mapokezi hawana nafasi na wewe. Jaribu saa 3 hadi saa 4 asubuhi, au saa 9 alasiri. Ijumaa mchana iache kwa ajili ya sala. Epuka pia siku za mwisho wa mwezi na wiki ya kwanza ya unaofuata: mishahara inaandaliwa, na kodi ya mishahara inatakiwa TRA kufikia tarehe 7.

Salimia kama mahali panavyosalimia. Unguja "Assalaam alaykum" haijawahi kumharibia mtu. Kisha sema yaleyale ya kwenye meseji na uulize kama kuna kinachopungua kwenye karatasi zako. Dakika moja inatosha.

Majibu yasome hivi. "Tutakupigia" maana yake kwa sasa hakuna nafasi, au mwenye uamuzi hayupo. "Tuma kwa barua pepe" mara nyingi ina maana karatasi haionekani: tuma siku hiyohiyo, faili moja tu, ulipe jina linalojieleza kama `Asha_Juma_Usafi_wa_Vyumba.pdf`. "Njoo na vyeti halisi" ni mwaliko wa usaili hata kama neno usaili halikutajwa, kwa hiyo nenda umevaa kiusaili.

Simu usiyoijua

Hoteli nyingi hupiga kwa simu ya mezani. Zanzibar namba huanza na 024, Dar es Salaam 022. Ukiikosa na ukapiga tena, utaangukia mapokezi ambako hakuna anayejua nani alikutafuta. Sema: "Nimekuta simu yenu ya saa fulani. Niliomba kazi ya usafi wa vyumba, naomba uniunganishe na rasilimali watu." Hapo daftari lako linalipa.

Kuna simu nyingine ya kuogopwa. CV ya karatasi hupita mikono mingi ikiwa na namba yako juu, na matapeli huitumia: "umechaguliwa, tuma hela ya sare" au "ya fomu", kwa namba ya mtu binafsi. Usitume. Piga namba ya mapokezi uliyoichukua mwenyewe, uulize.

Kiwandani na dukani

Kiwandani, tuseme Vingunguti au Chang'ombe huko Dar es Salaam, mara nyingi mlinzi ndiye anayekusanya karatasi na namba ya ofisi hutapewa. Rudi mwenyewe baada ya wiki, usiende wakati wa kubadilishana zamu, umuulize siku gani karatasi hupelekwa ndani. Kwenye CV mpya andika juu kabisa kwamba unaweza zamu ya usiku. Kama unatafuta kibarua cha siku, meseji haina kazi: watu huchaguliwa getini alfajiri.

Dukani mwenye mali au msimamizi yupo palepale. Pita siku ya tatu, wateja wakiwa wachache, na mteja akiingia wewe sogea pembeni.

Wapi pa kuishia

Meseji moja, simu moja, na kurudi mara moja kama wiki mbili zimepita kimya. Ukizidisha hapo, jina lako litakumbukwa kwa usumbufu. Kwa hoteli, peleka CV mpya mwezi wa Novemba kabla ya wageni wa Desemba, yenye tarehe mpya na namba inayopatikana. Usiwaambie wakatafute ile ya Mei.