Siku tano Tarangire, Serengeti na Ngorongoro: pangeni saa kabla ya kupanga siku

Mpango huu nilimwandalia shemeji yangu aliyekuja na familia kutoka Dar likizo ya Julai.

1. Chagua hifadhi kwa mwezi. Julai ni kiangazi, tembo wamejaa kando ya Mto Tarangire, kwa hiyo tulianzia huko, usiku mmoja. Shemeji alitaka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara. Nilimkatalia: Kogatende, wanakovukia, ni kaskazini kabisa mwa Serengeti, siku tano zingeishia barabarani. Tulikaa Seronera, katikati ya Serengeti, ambako simba na chui wapo mwaka mzima. Angekuja Februari ningempeleka Ndutu, kusini, nyumbu wakiwa wanazaa.

2. Gari: Land Cruiser ya kufunguka paa, kila mtu dirisha lake. Noah sitaki hata kuisikia, kreta ya Ngorongoro haishuki.

3. Dereva mwongozaji. Muulize: tukimkuta chui amelala mtini, tutasubiri muda gani? Akijibu "dakika tano, tunaenda kwingine," tafuta mwingine.

4. Saa za vibali. Hapa ndipo nilipoumia safari yangu ya kwanza. Kibali cha Serengeti huhesabiwa kwa saa 24, si kwa tarehe. Mimi nilifika mapema lango la Naabi la kuingilia Serengeti, nikaingia saa 4 asubuhi nikijiona mjanja. Siku ya kutoka ilibidi niwe nimerudi langoni saa 4, na kutoka Seronera ni mwendo wa saa moja na zaidi. Asubuhi nzima, wakati ambao simba bado wanatembea, niliimalizia kwenye vumbi. Ukichelewa, unalipia siku nyingine.

Kwa shemeji tulitoka Tarangire alfajiri, tukafika Naabi saa 6 mchana. Nikamwambia dereva asiende kwanza kwenye dirisha la vibali, maana saa zingeanza kuhesabiwa. Tukala chakula pale pale kwenye meza za langoni, watoto wakapanda kilima, tukaingia saa 7. Vibali vya siku mbili vikatupa usiku mbili, jioni mbili na asubuhi mbili nzima. Siku ya kutoka tulizunguka tangu saa 12 asubuhi, tukaondoka Seronera saa 5. Acha nafasi ya pancha. Sisi tulipata moja.

Ukitoka Naabi unaingia eneo la Ngorongoro, na huko nako saa zinaanza upya. Tuliingia saa 7 mchana, tukalala kambi ya Simba juu ya ukingo wa kreta. Wengi hushuka kulala Karatu kwa sababu ya baridi na bei, lakini ukishatoka lango la Loduare, la Ngorongoro upande wa Karatu, kesho yake unalipa kiingilio tena. Beba sweta nzito.

5. Kreta: shuka saa 12 asubuhi. Kufika saa 5 tulikuwa tumeona faru mmoja, mbali, kwa darubini. Saa 6 na nusu tulikuwa tumeshavuka Loduare.