Jinsi ya kuangalia salio, kununua kifurushi na kukizuia kisijiunge chenyewe

Wateja wengi wanaofika kwenye kibanda changu cha uwakala hapa Ngamiani, Tanga, wakilalamika kwamba vocha yao "imeliwa", huwa wana kifurushi kinachojiunga chenyewe, au wameacha data ikiwa imewashwa baada ya kifurushi kwisha. Ili ujue tatizo lako ni lipi, kwanza zima data, kisha piga:

```
*102#
```

Hilo ni salio la kawaida, yaani fedha. Salio la kifurushi, yaani MB, dakika na muda wa kuisha, hutazamwa kwenye menyu ya vifurushi. Kwa laini ya Vodacom na ya Airtel, kwa mfuatano huo, menyu hiyo ni:

```
*149*01#
*149*99#
```

Simu ya laini mbili itakuuliza utumie ipi, nawe uchague ile unayoikagua.

Unaponunua, usiharakishe ukurasa wa mwisho. Huko ndiko unakoweza kuulizwa kama unajiunga mara moja tu au kifurushi kijirudie, na anayebonyeza 1 kwa mazoea huenda akakubali asichokitaka. Menyu ikikatika katikati, subiri ujumbe wa uthibitisho na ukague salio kabla ya kurudia, usije ukanunua mara mbili.

Tuchukue mfano. Una salio la shilingi 2,700, na Jumatatu saa 2 usiku unanunua kifurushi cha saa 24 cha shilingi 1,000 kinachojirudia. Unabaki na 1,700. Jumanne, muda wake ukiisha, inakatwa 1,000 nyingine, hata kama simu ilikuwa mezani siku nzima, na unabaki na 700. Jumatano fedha hazitoshi, kwa hiyo hakijiungi. Lakini ikiwa data imewashwa na laini inaruhusu matumizi nje ya kifurushi, hizo 700 nazo zitapungua kidogo kidogo kwa bei ya kawaida, ambayo ni ghali zaidi. Kwa hiyo makato ya mkupuo, yanayolingana na bei ya kifurushi na kuja saa ileile, ni ya kujirudia. Salio linalomomonyoka kidogo kidogo linaliwa na data.

Kusitisha, rudi kwenye menyu ileile, tafuta sehemu ya kuangalia au kusimamia vifurushi vyako, chagua kifurushi husika, kisha uondoe kujirudia. Ukitaka kijirudie, njia ni hiyohiyo. Usipoiona sehemu hiyo, piga huduma kwa wateja, 100, uombe wakuondolee. Kwa kawaida kusitisha hakufuti kifurushi ulicho nacho, bali huendelea mpaka muda wake uishe. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho, halafu kifurushi kitakapokwisha, zima data na upige tena *102#: salio likiwa lilitosha kununua kifurushi na halijakatwa, kujirudia kumeondoka.