Filta za jenereta zinaziba kila mara? Anza na maji yaliyo chini ya tangi

Filta ikitoka nyeusi na utelezi kama kamasi, usikimbilie kununua nyingine. Tatizo liko sakafuni mwa tangi. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutua chini, na pale yanapokutana na dizeli ndipo bakteria na kuvu huweka makao. Wanakula dizeli, lakini bila maji hawaongezeki. Harufu ya mayai viza nayo ni dalili ya bakteria wanaotafuna chuma cha tangi.

Tuchukue tangi la chuma la lita 1,000 la jenereta ya nyumba ya wageni Shela. Sakafu yake ni mita 1 kwa mita 1, na bomba la kunyonya limeishia sentimita 5 juu ya sakafu. Msimu wa masika wageni ni wachache, tangi hukaa nusu, na hewa ya unyevunyevu inayoingia hutoa jasho kwenye kuta usiku.

1. Pima. Paka ncha ya fimbo ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, iteremshe mpaka chini, subiri kidogo, toa. Ikibadilika hadi sentimita 3, kwa sakafu hii una lita 30 za maji, kwani kila sentimita ni lita 10. Utajiuliza: kama bomba liko sentimita 5, mbona filta zinaziba? Kwa sababu kila unapomimina dizeli mpya unalivuruga tope, nalo hupanda. Ndiyo maana filta huziba siku ya kujaza au kesho yake, na watu wakailaumu dizeli mpya.

2. Zima jenereta, liache tangi litulie saa 24.

3. Nyonya maji. Hapa ndipo wengi hukosea. Koki ya chini usiiamini sana: matangi mengi huchomelewa koki juu kidogo ya sakafu, na maji yaliyo chini yake hubaki palepale. Tumia pampu ya mkono na bomba gumu linalofika chini kabisa, ncha yake ikatwe mshazari ili isigande sakafuni. Pampu ya umeme ya maji usiilete karibu. Cheche yake ni hatari, na kasi yake huchanganya ulichokisubiri kitulie.

Anza kona iliyo chini zaidi. Piga pampu taratibu. Ukiharakisha utavuta dizeli ya juu na kuyaacha maji pembeni. Kila baada ya lita 5 weka kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Chini utaona maji, kati utando wa kahawia au mweusi uliochanikachanika, juu dizeli. Chupa ikiwa na dizeli safi tupu, hamia kona nyingine. Ukimaliza zote nne, pumzisha tangi usiku mzima urudie, maana ute wa kuta huendelea kuporomoka. Ulitarajia lita 30. Andaa madumu ya kutosha lita 60.

Kama kuta zimevaa ute mzito, itabidi litolewe dizeli yote na kufutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kwenye mti mrefu. Usiingie, wala usitie kichwa ndani: mvuke wake huangusha mtu. Sigara iwe mbali. Uchafu uliotoka usimwagwe baharini wala kwenye mikoko. Ufunge kwenye madumu hadi upate mpokeaji wa mafuta machafu.

4. Dawa ya kuua vijidudu, sasa na si kabla. Ukiitia juu ya maji na tope, unaua kilichopo lakini maiti zao zinabaki tangini, na zote huishia kwenye filta. Vaa glavu, pima kwa lita zitakazokuwemo ukishajaza kama kibandiko kinavyosema, na uitie huku ukijaza ili ichanganyike. Kisha nyonya tena chini, na uwe na filta tatu za akiba.

5. Badili filta, toa hewa, washa. Kitenganishi cha maji chenye bakuli la kuonea ndani kinafaa kuliko filta mbili za kawaida. Kikague kila siku wiki ya kwanza.

6. Ziba njia ya maji. Bomba la kupumulia la tangi lipindwe mdomo uelekee chini. Msimu wa utulivu, jaza tangi liwe na hewa kidogo, na unyonye chini kila mwezi.

Lakini mkosaji mkubwa ni pipa unalowekea dizeli ya akiba. Likisimamishwa nje, mvua ya masika hutuama juu ya kifuniko na kuzunguka vizibo. Mchana pipa hupata joto na kutoa hewa. Usiku likipoa hujivuta, na maji hupenya kwenye nyuzi za kizibo hata ukikikaza. Lilaze ubavuni, vizibo viwili vikiwa sawa kwa usawa wa katikati, vyote chini ya uso wa dizeli, kisha litie kivulini.