SOMO: Kanusho na mipaka ya roboti inayopokea maswali ya afya na sheria

Naandika mara moja ili swali la "niweke kanusho gani" lipate jibu la kudumu, kila mtu aelekezwe hapa. Mifano ni ya roboti za WhatsApp na SMS zinazohudumia vikundi na ofisi za wasaidizi wa kisheria hapa Kigoma, ila utaratibu ni uleule ukiwa Tabora au kwingine.

Kwanza, kanusho refu la kukaribisha halisomwi. WhatsApp huukunja ujumbe mrefu, na mzazi mwenye mtoto anayechemka saa nane usiku hafungui sehemu iliyokunjwa. Kanusho linafaa pale tu linapokaa ndani ya jibu lenyewe na kumwambia mtu aende wapi.

Hatua ya 1. Ujumbe wa kwanza uwe sentensi mbili: hii ni roboti, si daktari wala wakili, mwenye mgonjwa mahututi aende kituo cha afya sasa.

Hatua ya 2. Usiulize jina, kijiji wala namba ya kitambulisho kama jibu halivihitaji.

Hatua ya 3. Kichujio cha hatari kitangulie kila kitu. Hapa ndipo roboti nyingi zinaharibika, someni polepole.

Kichujio kinasoma ujumbe kabla haujafika kwenye sehemu inayotunga majibu. Kikikuta dalili ya hatari, kinatoa jibu lililoandikwa na binadamu na kupitiwa na muuguzi, basi. Msiiachie sehemu ya kutunga iamue yenyewe kama hali ni mbaya.

Kosa la kwanza ni kutafuta maneno ya vitabuni. Hakuna mzazi anayeandika "mtoto ana dharura". Anaandika "dege dege", "hanyonyi toka jana", "kalegea", "anatapika kila kitu". Hizo ndizo dalili za hatari ambazo wahudumu wa afya hufundishwa kuziangalia kwa mtoto chini ya miaka 5, kwa maneno ya nyumbani.

Kosa la pili ni kutafuta kipande cha neno bila mpaka. Ukiweka `kufa` peke yake, kila "nifanye nini" iliyoandikwa "cha kufanya" itapiga kengele, maana "kufanya" inaanza na herufi hizohizo. Ukiweka mpaka kulia tu, "kufanya" inapona, ila "baba alikufa 2019, shamba tunagawanaje?" inapelekewa jibu la dharura wakati mtu anauliza mirathi. Kwa hiyo shika wakati uliopo na ujao, acha uliopita:

```python
import re
HATARI = re.compile(
    r"dege\s?dege|ha\w*nyonyi|legea|zimia"
    r"|tapika kila|(?:na|ta)kufa\b|taka kufa\b")

def pokea(ujumbe):
    if HATARI.search(ujumbe.lower()):
        return JIBU_DHARURA
    return jibu_la_kawaida(ujumbe)
```

`ha\w*nyonyi` inashika "hanyonyi" na pia "hakinyonyi" ya kichanga. Huu ni mwanzo tu: orodha yenu itakua, na `JIBU_DHARURA` mtaligawa kwa makundi ya dalili. Kwa degedege, jibu liwe hivi:

"Hii ni dalili ya hatari. Mpeleke mtoto kituo cha afya sasa hivi, usisubiri jibu. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Mimi ni roboti, siwezi kumpima."

Linaingia kwenye SMS moja ya herufi 160. Amri imetangulia, kanusho limekuja mwisho. Ukianza na "mimi ni roboti", msomaji mwenye hofu anaacha kusoma kabla ya kufika kwenye amri. Kila kundi la dalili liwe na jibu lake: "nataka kufa" haijibiwi na habari za kulaza ubavu, inamfikia mtu wa zamu mara moja.

ONYO: msiweke namba 115 kwenye kila jibu la dharura. Hiyo ni ya usafiri wa m-mama, kwa wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga. Mwenye mtoto wa miaka miwili akiipiga anapoteza dakika. Kwa ushauri usio wa dharura ipo 199 ya Wizara ya Afya.

Hatua ya 4. Mpaka wa maswali ya sheria. Jiulize: jibu linabadilika kutokana na mazingira ya mtu huyu? Kama halibadiliki, roboti iseme. Likibadilika, iishie hapo na impe mtu wa kumwona.

Mfano: "Nimefukuzwa kazi wiki tatu zilizopita bila barua, nina haki?" Kama ana haki au hana, roboti haijui. Lakini ikijibu tu "muone mwanasheria", imemdhuru, kwa sababu mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, naye zimemfikia 21. Jibu lenye afya:

"Siwezi kusema kama ulifukuzwa kihalali. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Nenda wiki hii ofisi ya CMA au kwa msaidizi wa kisheria. Msaada wake ni bure."

Na roboti isiseme kamwe "umechelewa". Aliyepitisha siku anaweza kuomba kuongezewa muda akieleza sababu, na kukubaliwa au kukataliwa si kazi ya roboti.

Hatua ya 5. Jaribu kwa ujumbe halisi 50 kabla ya kufungua, nusu yake uwe na makosa ya tahajia.

---

Kijana_Nzega: Mkuu naomba kanusho tu la kunakili, somo ni refu.

Mwandishi: Hatua ya 3 na ya 4, ndani ya alama za kunukuu.

Mama Kasulu: Asante kwa somo. Nimejaribu, mtu kaandika "kuku wangu wanakufa" akaambiwa aende kituo cha afya. Nifanyeje?

Mwandishi: Dada, umejaribu vizuri. Usilikaze neno, kosa la upande huo ni nafuu. Ongeza mwishoni mwa jibu la `nakufa`: "Kama si mtu aliye hatarini, andika ENDELEA." Akiandika, ujumbe wake wa awali uende kwenye njia ya kawaida bila kuandikwa upya.

Duka_la_Dawa: Dozi ya mseto imeandikwa kwenye boksi. Kwa nini roboti isiitaje? Mnawaficha watu.

Mwandishi: Hakuna kinachofichwa. Dozi inafuata uzito, na wazazi wengi hawaujui uzito wa leo. Roboti haijui kama mtoto amepimwa malaria, wala kama anatapika kila anachomeza, ambapo vidonge havimfai na anahitaji kituo. Wewe dukani unamwona mtoto. Roboti haimwoni.

Mha_wa_Buhigwe: Watu wa kwetu wanachanganya Kiha na Kiswahili. Orodha ya maneno naipataje?

Mwandishi: Swali zuri sana. Kaa na muuguzi wa kliniki ya watoto na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, waulize akina mama wanaanzaje kueleza mtoto akizidiwa. Kisha kila Ijumaa soma ujumbe wa wiki ambao kichujio hakikuushika. Huko ndiko maneno mapya yanakotoka. Futa majina na namba kabla ya kumwonyesha yeyote: taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kijana_Nzega: Samahani mkuu, sasa nimelisoma lote. "Mtu wetu atakujibu" inatosha kwa anayetaka kufa?

Mwandishi: Haitoshi, na vizuri umerudi. Simu ya mtu wa zamu iite papo hapo, na jibu limwombe asikae peke yake, amwite mtu aliye karibu. Kwa maswali mengine unayoyaahidi jibu la binadamu, kumbuka kwenye akaunti ya biashara WhatsApp inakuruhusu kuandika kwa uhuru saa 24 tu tangu ujumbe wa mwisho wa mteja. Baada ya hapo unahitaji kiolezo kilichoidhinishwa. Kiandae mapema, kisitaje ugonjwa wala kesi, maana simu nyingine nyumbani hushikwa na watu watatu.